Gari likipanda mlima bila kuongeza kasi, injini inafanya kazi gani hasa?

#1 Jiwe la Pembeni

Wakuu, habari zenu. Kuna jambo limenikaa kichwani tangu juzi, kila nikiligeuza linarudi palepale.

Mdogo wangu anajiandaa na mtihani wa fizikia, akaniletea swali. Gari la kilo 1,200 linapanda mwinuko wa 1 kwa 20 kwa kasi isiyobadilika ya mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa. Ukinzani wa hewa na tairi kwa pamoja ni nyutoni 310. Injini inatoa nguvu kiasi gani? Majibu ya nyuma ya kitabu yanasema kilowati 18 hivi.

Mimi nikamwambia hivi: kasi haibadiliki, kwa hiyo jumla ya kani zote ni sifuri. Nguvu ni kani mara kasi. Sifuri mara 20 ni sifuri. Naelewa kwamba jibu hilo haliwezekani, maana ukiinua mguu kwenye mafuta katikati ya mlima gari linakufa mwendo. Ila sijaona kosa langu lilipo. Nisaidieni kabla dogo hajaacha kuniuliza.

#2 Fundi Difu

Mkuu hapo hakuna fumbo. Injini inabeba uzito wa gari. Kilo 1,200 mara 9.8 unapata nyutoni 11,760. Zidisha na 20, ongeza huo ukinzani wako, umemaliza. Hao wa kitabu sijui 18 wameitoa wapi.

#3 Kidato cha Mwisho

@Fundi Difu nimezidisha, nimepata kilowati 235 kabla hata ya kuweka ukinzani. Hizo ni zaidi ya hospawa 310. Gari la kilo 1,200, mwinuko wa 1 kwa 20 tu, linahitaji hospawa 310?

#4 Fundi Difu

Hapo kweli kuna kitu nimekosea. Gari la uzito huo mara nyingi lina hospawa 90 au 100 na mlima kama huo linapanda bila kulalamika. Ngoja waje wenye hesabu zao.

#5 Bi Vekta

Nimefika. Nianze na mwenye uzi, halafu nimrudie fundi, kwa sababu namba yake ile 11,760 msiitupe, tutaihitaji.

Ndugu Jiwe, kosa lako limo ndani ya neno "kani". Zipo kani mbili unazozichanganya. Moja ni kani ambayo magurudumu yanasukumia gari mbele kwa sababu injini inayazungusha. Nyingine ni jumla ya kani zote baada ya kutoa zinazovuta nyuma. Ile jumla ndiyo sifuri. Swali limeuliza nguvu ya injini, kwa hiyo unachukua kani ya injini peke yake na kuizidisha na kasi. Jumla kuwa sifuri kunakwambia tu kwamba kani ya mbele inalingana kabisa na zile za nyuma, na hilo ndilo linalokuwezesha kuipata.

Za nyuma ni zipi? Kwanza ni ile sehemu ya uzito inayovuta kufuata barabara kwenda chini. Si uzito wote, fundi, maana sehemu kubwa ya uzito inabebwa na barabara yenyewe, inagandamiza tairi chini na haivuti nyuma. Mwinuko wa 1 kwa 20 maana yake kila mita 20 za barabara unapanda mita 1, basi kinachovuta nyuma ni moja ya ishirini ya 11,760, yaani nyutoni 588. Ongeza 310, unapata 898. Zidisha na mita 20 kwa sekunde: wati 17,960. Hizo ndizo kilowati 18 za kitabu.

Na lugha yetu nayo inatutega hapa. Mtaani tunasema "nguvu" kwa kila kitu: nguvu ya kusukuma, nguvu ya injini, nguvu ya mkono. Kwenye fizikia kani ni ule msukumo, nguvu ni kazi inayofanyika kila sekunde. Nimesahihisha karatasi nyingi ambazo mwanafunzi anajua hesabu vizuri lakini neno limemponza.

#6 Jiwe la Pembeni

Asante sana Bi Vekta, hesabu nimeiona. Lakini bado kidogo. Kama kani zimelingana, mbele 898 na nyuma 898, gari linaendaje? Si lingesimama?

#7 Bi Vekta

Lingesimama kama lilikuwa limesimama. Kani zikilingana hakuna kinachobadilika: lililotulia linabaki limetulia, lililokuwa kwenye mita 20 linabaki kwenye mita 20. Kulifikisha kwenye hiyo kasi kulikuwa na gharama yake hapo awali. Sasa injini inailinda isipungue.

Ukitaka kuona kazi inakwenda wapi, fuata sekunde moja tu. Ndani ya sekunde hiyo gari limekwenda mita 20 barabarani, na limepanda juu mita 1 wima. Kuinua kilo 1,200 mita 1 kunahitaji juli 11,760. Ndiyo ile namba ya fundi! Ilikuwa sahihi, ila aliizidisha na kasi ya barabarani badala ya kasi ya kwenda juu, ambayo ni mita 1 tu kwa sekunde. Kwa hiyo kilowati 11.8 kati ya 18 zinanyanyua gari. Zilizobaki 6.2 zinaishia kwenye hewa iliyosukumwa pembeni na kwenye tairi zinazojikunja na kupata joto.

#8 Fundi Difu

Sawa, nimeelewa, na nimefurahi kwamba namba yangu haikuzikwa. Lakini mimi ni mtu wa gereji, lazima niseme hili. Hizo 18 ni za kwenye gurudumu. Injini yenyewe inatoa zaidi, maana giaboksi, difu na bearingi zote zinakula. Kama kati ya injini na gurudumu panapotea asilimia 15, injini lazima itoe kilowati 21 na ushee. Kitabu kikisema "nguvu ya injini" kinadanganya.

#9 Kidato cha Mwisho

Kwenye mtihani wetu ukiandika 21 unakosa alama.

#10 Bi Vekta

Kitabu hakidanganyi, kinanyamaza. Kama hakikutaja upotevu, chukua kwamba kinachotoka kwenye injini ndicho kinachofika barabarani. Kwenye gari halisi fundi yuko sahihi.

#11 Mkokoteni wa Moto

Wakuu poleni na hesabu. Mimi gari langu nikipanda mlima mrefu geji ya joto inapanda nalo, mpaka nikifika juu lazima nisimame. Tambarare halina shida hata nikikimbia 110. Je, hii ndiyo sababu, kwamba nguvu inazidi?

#12 Fundi Difu

Mkuu hilo si swali la uzi lakini linagusa. Tambarare kwa 110 injini inatoa karibu nguvu ileile ya mlimani kwa 70. Tofauti ni kwamba kwa 110 rejeta inapigwa na hewa nyingi, mlimani hewa ni kidogo na joto ni lilelile. Kwa hiyo feni ndiyo inabaki kufanya kazi. Angalia feni yako inawaka? Angalia na rejeta kama mapezi yameziba vumbi. Ukifika juu usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto, mvuke utakuunguza uso.

#13 Mkokoteni wa Moto

Feni sijawahi kuisikia ikiwaka. Naenda kuangalia, asante.

#14 Pigo Nne

Nimesoma kote, nina nyongeza. Ukinzani wa hewa unapanda kwa mraba wa kasi. Kwa hiyo dogo akiulizwa gari likipanda mlima uleule kwa kasi mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Kilowati 72. Hiyo ni kanuni, aikariri.

#15 Kidato cha Mwisho

Mbona mwalimu wetu alisema mara nane?

#16 Pigo Nne

Mwalimu wako alimaanisha kitu kingine. Mraba ni mara nne.

#17 Bi Vekta

Kila mmoja ameshika kipande. Kani ya hewa inapanda kwa mraba, hapo Pigo Nne umesema kweli. Lakini nguvu ni kani mara kasi, na kasi nayo imekuwa mara mbili, kwa hiyo nguvu inayoliwa na hewa inakuwa mara nane. Mwalimu wa kijana yuko sahihi kwa hewa peke yake.

Ila hapa hatuna hewa peke yake. Tugawe zile 310: tuseme tairi nyutoni 140 na hewa nyutoni 170 kwenye mita 20 kwa sekunde, mgawanyo wa kawaida kwa gari dogo. Kani ya mlima haijali kasi, ni 588 ukienda polepole au mbio. Ya tairi nayo haibadiliki sana. Kwa hiyo kwenye mita 40 kwa sekunde, mlima unataka kilowati 23.5, tairi 5.6, na hewa inaruka kutoka 3.4 hadi 27.2. Jumla 56 na kidogo. Si mara mbili, si mara nne, si mara nane. Ni mara tatu na zaidi kidogo, na kwenye mlima mwingine au kasi nyingine itakuwa namba tofauti. Hakuna cha kukariri hapa, lazima uzitenganishe kila mara.

#18 Pigo Nne

Nakubali kwa hesabu hiyo. Ila kwa kasi kubwa sana itakaribia nane, kweli si kweli?

#19 Bi Vekta

Kweli. Na kwa kasi ndogo sana itakaribia mbili.

#20 Dereva wa Tela

Shikamooni wakubwa, vijana hamjambo. Mimi ni mtu wa malori, miaka mingi kwenye tela. Hii hewa mnayoisema mimi mlimani siioni kabisa. Nikiwa na mzigo, jumla tani 40, injini kilowati 300, mwinuko wa asilimia 6, nakanyaga mafuta mpaka mwisho na gari inatambaa 35. Nikitoa mkono dirishani upepo hata haunipigi. Lakini injini iko kazini kuliko wakati wowote. Watu wa magari madogo wananipigia honi wakidhani nazembea.

#21 Bi Vekta

Marahaba baba. Tukufanyie hesabu yako. Tani 40 kwenye asilimia 6, kani ya mlima ni nyutoni 23,500 hivi. Tairi za lori zikiwa na upepo wa kutosha zinakula kama 2,700. Hewa kwenye kasi yako ni nyutoni mia nne tu, ni kama hakuna. Jumla ni 26,600 hivi. Ukitoa asilimia 10 ya giaboksi na difu, una kilowati 270 kwenye magurudumu. Gawa kwa 26,600, unapata mita 10 kwa sekunde na ushee, yaani kilomita 36 au 37 kwa saa.

#22 Dereva wa Tela

Ndiyo hiyohiyo! 35, 36, siku nzuri 37. Mama umekaa kwenye kibini yangu lini?

#23 Jiwe la Pembeni

Hii imenifungua macho. Kumbe unaweza kwenda polepole na injini ikawa inatoa kila ilicho nacho.

#24 Kidato cha Mwisho

Wakuu mimi nimejaribu swali la mwenye uzi peke yangu bila kuangalia, nikapata kilowati 241. Nilitumia kosaini ya pembe. Nawezaje kujua ni sini au kosaini bila kukariri?

#25 Bi Vekta

Ilaze barabara iwe tambarare kabisa, pembe sifuri. Kani ya mlima lazima iwe sifuri. Sini ya sifuri ni sifuri, kosaini ya sifuri ni moja. Ukitumia kosaini umesema gari kwenye tambarare linavutwa nyuma na uzito wake wote. Na ile 241 yako ilitakiwa ikushtue yenyewe, kama ulivyomshtua fundi na ile 235.

#26 Mpima Ardhi

Nyongeza ndogo. Wengine wakisema 1 kwa 20 wanapima mita 20 za usawa, wengine mita 20 za barabara. Ya kwanza ni tanjiti, ya pili ni sini. Kwa mwinuko huu tofauti ya kani ni chini ya nyutoni moja. Kwa milima mikali tu ndiyo inaanza kuonekana.

#27 Jiwe la Pembeni

Asante mkuu. Sasa nina swali la pili. Hizo nyutoni 310 kitabu kimenipa bure. Kwenye gari langu mwenyewe nitazijuaje?

#28 Mpima Ardhi

Nilishafanya. Tafuta barabara tambarare, iliyonyooka, isiyo na magari, siku isiyo na upepo. Kimbiza gari mpaka 80, weka nyutro, usiguse breki. Mwenzako apime sekunde gari linavyoshuka kutoka 76 hadi 68. Halafu geuza, fanya tena upande wa pili, maana hakuna barabara iliyo tambarare kweli.

Gari langu pamoja na sisi wawili lilikuwa kilo 1,350. Kwenda ilichukua sekunde 8, kurudi sekunde 10. Kushuka kilomita 8 kwa saa ni mita 2.2 kwa sekunde. Kwenda kani ilitoka nyutoni 375, kurudi 300. Wastani 337. Hiyo ndiyo hewa na tairi kwenye 72, bila kufungua kitabu. Tofauti kati ya 8 na 10 ilinionyesha kuwa barabara niliyodhani ni sawasawa ilikuwa na mwinuko mdogo ambao macho hayauoni.

Pima kwenye gari lenye tairi zilizojazwa vizuri. Nilirudia wiki nyingine tairi zikiwa laini, sekunde zikapungua.

#29 Fundi Difu

Nyutro kwenye tambarare sawa, ila mtu asije akajaribu kwenye mteremko. Injini haishiki, kasi inakukimbia.

#30 Mpima Ardhi

Nakazia hilo. Tambarare tu.

#31 Kasi ya Kite

Nimefika kwa kuchelewa, nina hoja. Mnasema nguvu ni kani mara kasi. Kasi ipi? Kama kuna upepo unaokuja usoni mita 10 kwa sekunde, gari linakutana na hewa kwa mita 30, si 20. Kwa hiyo kani ya hewa ni 170 mara 9 gawa kwa 4, nyutoni 382. Na nguvu yake ni 382 mara 30, kilowati 11.5. Kila kitu kihusianishwe na hewa.

#32 Bi Vekta

Kani umeipata sawasawa, 382. Nguvu hapana. Magurudumu yanasukuma barabara, si hewa, na barabara inapita chini yake kwa mita 20. Injini inalipia 382 mara 20, kilowati 7.6. Jaribu hivi: egesha gari usoni mwa upepo mkali, vuta hendibreki, zima injini. Upepo unasukuma gari, kani ipo. Injini inatoa nguvu gani? Sifuri. Kwa hesabu yako ingetakiwa iwe inachoma mafuta.

#33 Kasi ya Kite

Mfano wa gari lililoegeshwa hauniridhishi, pale hendibreki ndiyo inafanya kazi. Na kwenye chumba cha kupimia magari, lile feni kubwa, gari limesimama na nguvu inatumika kweli. Inatoka kwenye kani mara kasi ya hewa.

#34 Bi Vekta

Inatumika, lakini inalipiwa na feni. Hendibreki nayo haifanyi kazi yoyote, maana hakuna kinachosogea. Ukiendesha kwenye upepo, feni yako ni upepo wenyewe, nao unalipa sehemu yake.

#35 Kasi ya Kite

Upepo unalipa wakati unanirudisha nyuma? Hapo hujanishawishi. Nitachora nirudi.

#36 Pigo Nne

Mimi hapa niko na Bi Vekta, na safari hii sijasema mara nne.

#37 Jiwe la Pembeni

Haha, tumekusamehe. Niulize lingine wakati Kite anachora. Ni nani anaamua kasi itulie wapi? Mimi nikifika mlimani sishiki kalkuleta, nakanyaga mafuta kiasi kilekile, na gari linapunguza mwendo halafu linatulia lenyewe mahali fulani.

#38 Bi Vekta

Swali zuri kuliko la kwanza. Chukua gari lako likiwa tambarare na injini ikitoa kilowati 18 zilezile. Litakuwa linakwenda mita 31.7 kwa sekunde, kama kilomita 114 kwa saa, na kani kwenye magurudumu ni nyutoni 567, zote kwa ajili ya hewa na tairi. Mlima ukianza, nyutoni 588 zinaongezeka nyuma ghafla. Sasa kani hazijalingana, gari linapunguza kasi. Kasi ikishuka, mambo mawili yanatokea pamoja: hewa inalegeza, na zile kilowati 18 zikigawanywa kwa kasi ndogo zinatoa kani kubwa zaidi. Linaendelea kushuka mpaka kwenye mita 20, ambapo mbele ni 898 na nyuma ni 898. Hapo linatulia. Nguvu haikuongezeka hata kidogo, lakini kani imepanda kutoka 567 hadi 898.

#39 Dereva wa Tela

Mama hapo kwenye karatasi sawa, barabarani si hivyo. Gia ileile, gari ikipunguza mwendo injini nayo inapunguza mizunguko. Ikipungua mizunguko nguvu nayo inapotea. Kwenye mfano wako mita 31 mpaka 20, injini iliyokuwa mizunguko 2,800 inashuka 1,770. Haiwezi kukupa zilezile kilowati kwa mguu uleule. Usiposhusha gia inaanza kutetemeka, inakohoa, inazima. Gia ndiyo inayoshikilia hiyo hesabu yako isianguke.

#40 Bi Vekta

Umenisahihisha vizuri, baba. Nilichukua kwamba dereva anabadilisha gia ili nguvu ibaki ileile, na sikusema.

#41 Fundi Difu

Ndiyo maana nasema gia ndogo inaongeza nguvu.

#42 Kidato cha Mwisho

Fundi, gia haiwezi kuongeza nguvu. Inaongeza kani kwenye gurudumu na kupunguza mizunguko ya gurudumu. Kinachoingia ndicho kinachotoka, ukiondoa upotevu ambao wewe mwenyewe umeutaja kwenye #8.

#43 Fundi Difu

Dogo umenibana na maneno yangu. Sawa: gia ndogo inairuhusu injini ifike kwenye mizunguko ambako nguvu yake ipo. Hapo je?

#44 Kidato cha Mwisho

Hapo sawa kabisa.

#45 Mkokoteni wa Moto

Nimerudi. Feni ilikuwa na waya uliokatika. Ahsanteni. Sasa na mimi niulize la uzi: kwa kasi ileile ya mlimani, gia ya 3 na gia ya 4, ipi inakula mafuta kidogo? Maana nguvu ya gurudumuni ni ileile kilowati 18.

#46 Dereva wa Tela

Gia kubwa ambayo injini bado inaibeba bila kutetemeka. Mizunguko michache, mafuta machache. Nimeona hivyo miaka yote.

#47 Fundi Difu

Inategemea injini. Ukiikandamiza chini sana kwenye gia kubwa, injini nyingi za petroli zinaongeza mafuta kuliko kawaida ili zisigonge, halafu faida yote inapotea. Mimi nashauri gia ndogo, iache ipumue.

#48 Mpima Ardhi

Kwenye gari langu gia ya 4 ilishinda kwenye kioo cha matumizi. Lakini ni mlima mmoja na gari moja.

#49 Dereva wa Tela

Dizeli na petroli si ndugu, fundi. Tukubaliane kutokubaliana.

#50 Jiwe la Pembeni

Na la mwisho kutoka kwa dogo, amekaa hapa pembeni: ukishuka mlima uleule kwa kasi ileile ya 72, unarudishiwa zile kilowati 11.8?

#51 Bi Vekta

Unazipata, lakini huzitumii zote. Sasa uzito unavuta mbele kwa 588, hewa na tairi zinazuia kwa 310 kama kawaida. Zinabaki nyutoni 278 ambazo hazina wa kuzizuia, sawa na kilowati 5.6. Lazima kitu kizimeze, ama injini ikiwa kwenye gia, ama breki. Kisipozimeza kasi inapanda. Gari la umeme linaweza kurudisha sehemu yake kwenye betri, la petroli linazigeuza joto.

Kwa gari dogo 5.6 breki zinavumilia. Lakini mfanyieni hesabu Dereva wa Tela kwenye mlima wake: 23,500 zinavuta, tairi na hewa zinazuia 3,100, zinabaki 20,400. Kwa ile kasi ya 37 ni kilowati 210.

#52 Dereva wa Tela

Kilowati 210 kwenye breki, dakika baada ya dakika. Sasa mmejua kwa nini mkinipita mnasikia harufu ya kuungua kwa wenzetu waliokosea. Sisi tulifundishwa hivi: gia uliyopandia ndiyo ushukie, uiingize ukiwa bado juu, kabla mteremko haujaanza. Ukingoja mpaka kasi imeshika, gia haiingii tena, unabaki na nyutro na breki za moto.

#53 Kasi ya Kite

Nimechora. Bado naona 30 badala ya 20, ila mchoro wangu una mshale mmoja ambao sijui niuelekeze wapi. Bi Vekta usiondoke.